Jinsi ninavyopata ukubwa wa loti kabla ya kufungua oda

Akaunti yangu ya foreksi ina dola 600, na nimejiwekea kwamba oda moja isinile zaidi ya asilimia 1, yaani dola 6. Kanuni hiyo karibu kila treda ninayemfahamu anaijua. Lakini muulize oda aliyoifungua asubuhi itamtoa dola ngapi ikigonga stopu, ile bei aliyoiweka ya kufungia hasara, utaona anaanza kukisia. Amefungua loti 0.05, yaani ukubwa wa oda, kwa sababu jana pia alifungua 0.05. Mimi nilitaka dola 6 ziwe dola 6 kweli, nikinunua yuro au nikiuza yeni, stopu ikiwa karibu au ikiwa mbali. Naeleza hapa nilivyolifanikisha hilo, kwa sababu hesabu yenyewe ni fupi, ila ina sehemu mbili tatu ambazo zinahitaji macho.

Kilichonisaidia kwanza ni kubadilisha mpangilio wa kazi. Dirisha la oda kwenye MetaTrader, programu tunayofanyia biashara, linakuletea kisanduku cha loti mapema, ndiyo maana wengi wanaanza nacho. Wakishaandika loti wanatafuta stopu ambayo hasara yake wataivumilia, na stopu inaishia mahali ambapo soko linapita kila siku bila sababu yoyote. Siku hizi dirisha hilo silifungui kabisa mpaka nimalize chati. Najiuliza bei ikifika wapi wazo langu litakuwa limekufa. Pale ndipo stopu inapokaa, na loti itajipanga kufuata umbali huo.

Tuchukue oda moja ya EURUSD, yaani yuro kwa dola. Bei ilishuka hadi kwenye sapoti, mshumaa wa saa moja ukaacha mkia mrefu ulioishia 1.0826, kisha ukafunga juu. Nilitaka kununua kwa 1.0850. Bei ikirudi chini ya ule mkia, basi wanunuzi niliowategemea hawapo tena, kwa hiyo stopu niliiweka 1.0822, chini ya mkia kwa nafasi kidogo. Kutoka 1.0850 hadi 1.0822 ni pipsi 28, pipsi moja ikiwa 0.0001 ya bei. Kwenye EURUSD, loti 0.01 ni yuro 1,000, na kila pipsi moja inayotembea ni senti 10 za dola. Pipsi 28 kwa 0.01 ni dola 2.80. Ninazo dola 6 za kuhatarisha. Gawa 6 kwa 2.80 unapata 2.14, maana yake naweza kubeba vipande viwili vya 0.01. Nikafungua 0.02. Ikigonga stopu, natoka na hasara ya dola 5.60.

Sasa sogeza stopu. Oda hiyohiyo ingehitaji stopu ya pipsi 55, kipande kimoja cha 0.01 kingebeba hasara ya dola 5.50, na ningefungua 0.01 tu. Stopu imekuwa mbali karibu mara mbili, loti imepungua nusu, na hasara imebaki palepale. Hapo ndipo hofu ya stopu ndefu iliponitoka. Stopu ndefu haiongezi hasara kama loti inaifuata.

Sehemu ya kwanza ya kuwa macho ni pipsi yenyewe. Broka wengi wanaonyesha EURUSD kwa tarakimu tano baada ya nukta, kama 1.08502. Ile ya tano ni pointi, na pointi 10 ndizo pipsi moja. Kipimo cha umbali kwenye chati ya MetaTrader kinahesabu pointi, kwa hiyo kitakuandikia 280 pale ambapo pipsi ni 28. Ukiingiza 280 kwenye hesabu, utaambiwa huwezi kufungua hata 0.01. Hiyo haidhuru, maana utashtuka. Inayodhuru ni kinyume chake, pale mtu anapogawa kwa kumi mara mbili na loti inatoka kubwa mara kumi. Kwa akaunti yangu, jibu likivuka 0.05 narudia hesabu kabla ya kugusa chochote.

Sehemu ya pili ni thamani ya pipsi, ambayo si senti 10 kwa kila jozi. Sarafu ya upande wa kulia ndiyo inayoamua. Kwenye USDJPY, 0.01 loti ni dola 1,000, pipsi ni 0.01, kwa hiyo pipsi moja ni yeni 10. Bei ikiwa 150, gawa yeni 10 kwa 150, unapata senti 6.7 hivi. Stopu ya pipsi 40 inakuwa dola 2.67 kwa kila 0.01, nami naweza kubeba 0.02. Ningetumia senti 10 kwa mazoea, ningepata 0.01 na kuhatarisha chini ya nusu ya nilichopanga. Kwenye EURGBP kosa linaelekea upande mbaya. Pipsi moja kwa 0.01 ni peni 10 za Uingereza, na pauni ikiwa dola 1.27, hizo ni senti 12.7. Anayehesabu kwa senti 10 anadhani anahatarisha dola 6, kumbe ni zaidi ya 7.60.

Hesabu hii naifanya kwenye jedwali la simu. Seli ya B1 ina salio, B2 ina asilimia ya hatari ikiandikwa 1%, B3 umbali wa stopu kwa pipsi, na B4 thamani ya pipsi moja kwa 0.01, ikiandikwa kwa dola. Fomula ni hii:

```
=ROUNDDOWN(B1*B2/(B3*B4),0)*0.01
```

ROUNDDOWN imewekwa makusudi. Jibu likija 2.9 nachukua 2, sichukui 3. Kwenye akaunti kubwa tofauti ya kipande kimoja haionekani, lakini kwenye akaunti ya dola 600 kupanda kutoka 2 hadi 3 ni kuongeza hatari kwa nusu nzima. Salio ninaloliandika B1 nalo nalipunguza kwanza: kama kuna oda nyingine iliyo wazi na stopu yake haijafika kwenye bei ya kuingilia, natoa hasara yake inayowezekana ndipo nahesabu mpya.

Mdogo wangu alinipigia simu siku moja kuhusu dhahabu. "Kaka, hii XAUUSD nimefungua 0.01 tu, ndogo kuliko zote. Hapo si niko salama?" Akaunti yake ilikuwa na dola 150. Nikamwambia afungue Specification ya XAUUSD kwenye orodha ya bei, asome mstari wa Contract size. Ilikuwa 100, yaani loti moja ni wakia 100 za dhahabu, na 0.01 ni wakia moja. Dhahabu wakati huo ilikuwa 2,650 hivi, na stopu yake ilikuwa 2,641. Wakia moja ikishuka dola 9, anapoteza dola 9, yaani asilimia 6 ya akaunti yake kwa oda moja, na hakuna loti ndogo zaidi ya kukimbilia.

Kwenye dhahabu mimi sihesabu pipsi hata kidogo, kwa sababu kila mtu ana tafsiri yake. Wapo wanaosema pipsi ni senti 10, wapo wanaosema ni senti moja, na darasa moja likifundisha hivi, jingine linafundisha vile. Nahesabu kwa dola za bei. Umbali wa dola 9 kwa 0.01 ni hasara ya dola 9, basi. Kwa asilimia 1, oda ile ingehitaji akaunti ya dola 900. Hata mimi na dola zangu 600 nisingeweza kuifungua, na nilimwambia hivyo.

"Kwa hiyo niisogeze stopu karibu?" akauliza. Hapana, kwa sababu 2,641 ilikuwa chini ya sehemu ambayo bei ilikuwa imegeukia. Kuisogeza hadi dola 1.50 ili itoshee kanuni ni kuiweka ndani ya mitikisiko ya kawaida ya dhahabu, ambayo inaweza kutembea umbali huo ndani ya dakika chache. Njia zilizobaki zilikuwa mbili: aiache oda hiyo, au ahamie akaunti ya senti, ambako salio linasomeka kwa senti na loti ileile inabeba sehemu ndogo sana ya hatari. Aliifunga, na wiki iliyofuata akafungua akaunti ya senti. Kila broka ana vipimo vyake kwenye akaunti hizo, kwa hiyo Specification ilibidi tuisome upya tangu mwanzo.

Ukiuza badala ya kununua, kuna spredi ya kuikumbuka, yaani tofauti kati ya bei ya kuuzia, Bid, na bei ya kununulia, Ask. Chati ya MetaTrader kwa kawaida inachora bei ya Bid, lakini oda ya kuuza inafungwa kwa bei ya Ask, ambayo iko juu yake. Ukiweka stopu juu ya kilele kwa pipsi 2 na spredi ikiwa 3, unaweza kutolewa huku chati inaonyesha bei haikufika. Kwa oda za kuuza naongeza spredi kwenye stopu, na umbali huo mpya ndio ninaoupeleka B3. Spredi hupanuka sana siku ya kibiashara inapofungwa New York, ambayo kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa sita usiku, au saa saba Marekani inapokuwa kwenye saa za majira ya baridi. Stopu ya pipsi 10 inayolala usiku huo wakati mwingine haiamki.

Mwisho wa hesabu yote hii ni pengo. Dola 6 zangu zinadhani kwamba oda itafungwa palepale kwenye stopu, wakati stopu kwa kweli ni agizo la kufunga kwa bei itakayopatikana baada ya kuguswa. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha kuilinda EURCHF isishuke chini ya 1.20, na ndani ya dakika chache bei ikawa chini ya 1.00. Waliokuwa wamenunua na stopu zao zikiwa chini kidogo ya 1.20 walifungiwa mbali sana na bei walizoandika, na wapo waliobaki na salio hasi. Siku kama ile ni nadra, lakini pengo dogo la kufunguka kwa soko baada ya wikendi ni la kawaida. Kwa hiyo Ijumaa jioni oda ya 0.02 ambayo stopu yake bado iko upande wa hasara naifunga nusu, ibaki 0.01. Kama ilikuwa 0.01 tangu mwanzo naifunga yote, na Jumatatu nikiona wazo bado linaishi, napima umbali upya na kuhesabu upya.