Nilivyomwambia rafiki yangu kwamba sina pesa ya kumkopesha

Mimi ni mshonaji hapa Bukavu, na rafiki yangu ninayemzungumzia huuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizokaushwa katika soko la Kadutu. Siku moja asubuhi alifika kwenye kibanda changu akaniomba dola 110. Alikuwa na deni la kodi la miezi mitatu, dola 60 kila mwezi, na mfukoni alikuwa na 70 tu. Mwenye nyumba alikuwa amempa muda hadi Jumatatu.

Pesa nilikuwa nayo, ila haikuwa yangu. Ilikuwa mchango wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, na mama aliyefikiwa na zamu wiki ile alikuwa amekwisha kuipangia kazi.

Kabla ya kusimulia nilivyomjibu, sina budi kukiri kosa nililomfanyia jirani yangu mwingine zamani. Kwa aibu nilimwambia, "Upite kesho nione." Alipita mara tatu. Siku ya nne nilipomwambia kuwa sina, hasira yake haikutokana na kunyimwa, bali na zile siku tatu ambazo angeweza kuzitumia kwenda kwa shemeji yake, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kusafiri. Tangu hapo najua kwamba mwenye shida ya tarehe akipewa jibu la kuvutavuta anapotezewa hata kile kidogo alichobaki nacho, yaani muda.

Kwa hiyo safari hii nilimjibu asubuhi ileile, na nilisubiri kwanza mteja aliyekuwapo aondoke. Nilimwambia: "Dada yangu, pesa ya kukukopesha sasa sina. Iliyopo ni ya likelemba na siwezi kuigusa. Lakini usiende kwanza, keti tuiangalie hiyo kodi pamoja." Sikuongeza habari za minervali, yaani karo ya shule ya watoto, wala za mashine yangu iliyoharibika, ingawa zote zilikuwa kweli, kwa sababu kila sababu unayoitoa hugeuka kuwa jambo la kujadiliwa. Hata hivyo aliuliza, "Basi hata 50?" Nikarudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Wala sikumwambia "labda mwezi ujao", maana angeihesabu labda hiyo kama ahadi.

Alinyamaza, na uso wake ulibadilika. Sitadanganya kwamba alifurahi.

Kisha nilimuuliza kama amewahi kumwomba mwenye nyumba apokee deni kidogokidogo. Hakuwahi, alikuwa akimkimbia. Tulichukua karatasi tukapiga hesabu: angetoa zile 70 mara moja, na dola 110 zilizobaki angezigawa kwa miezi mitano, yaani 22 kila mwezi juu ya kodi ya kawaida, jumla 82. Nilimuuliza mara mbili kama soko lingemwezesha kupata 82, kwa kuwa mpango unaovunjika mwezi wa pili humfanya mwenye nyumba awe mkali kuliko mwanzo.

Jumamosi jioni tulikwenda wote wawili kwa mwenye nyumba, pesa ikiwa mkononi, na tukamwomba shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, awepo. Mzee mwenye nyumba alilalamika kwa muda mrefu, lakini alipoziona zile 70 zimewekwa mezani alilegea. Alikubali iandikwe karatasi, kisha akanigeukia: "Na wewe, mama, utie sahihi kwamba asipolipa utalipa wewe." Hapo ndipo pa kuwa macho. Nilimjibu kwa heshima, "Baba, mimi nitatia sahihi kama shahidi wa mapatano, si kama mdhamini." Kama ningekubali udhamini, ningekuwa nimemkopesha kwa mlango wa nyuma pesa ileile niliyosema sina. Nilihakikisha neno "shahidi" linaandikwa kando ya jina langu, na kila upande ukabaki na nakala yake.

Msaada wa pili ulitokana na maneno yaliyomtoka njiani tukirudi: wateja wengi walikuwa wamechukua sambaza kwa deni, naye hakuwa na nafasi ya kuwafuata kwa sababu hana wa kumwachia meza. Nilimwambia nitakaa kwenye meza yake Jumatano mbili, kuanzia saa nane hadi jioni. Nilitaja siku na saa, kwani "ukihitaji kitu uniambie" humrudishia mwenye shida kazi ya kuomba upya. Katika Jumatano hizo mbili alikusanya dola 34. Mimi niliuza vibaya, nikijaza vikombe kupita kiasi, na hilo analisema mpaka leo.

Kwa karibu wiki mbili baada ya ile asubuhi alinisalimu kwa ufupi, nami sikumsukuma. Mwezi wa tatu alichelewa kulipa kwa siku sita, akamwendea mzee mwenyewe kumweleza kabla ya tarehe kufika, bila mimi. Awamu ya mwisho ilipokwisha alileta nakala yake ya karatasi, yenye maandishi ya mzee kwamba deni limemalizika, akaomba niihifadhi katika kabati langu la vitambaa, kwa kuwa kwake mvua huingia.