Kiuno 32

Mpwa wangu aliniandikia jana usiku akiomba shilingi 1,500, kwa maelezo kwamba amepata kazi ya ulinzi na kilichobaki ni kulipia sare. Nilipofika pale aliposema "nimeshapimwa, mjomba", niliiweka simu chini.

Mimi nilipimwa mwaka 2019, katika orofa ya tatu ya jengo moja la River Road, Nairobi. Tangazo nilikuwa nimelisoma kwenye nguzo ya umeme: wafanyakazi wa bohari, uzoefu si lazima, mshahara 22,000. Nililipa 200 za fomu mlangoni, nikafanyiwa mahojiano ya dakika nne ambamo sikuulizwa lolote ambalo lingeweza kuninyima kazi, kisha nikaelekezwa chumba cha pili, kwa mama mmoja aliyejitundika utepe wa fundi cherehani shingoni.

Utepe ule ndio ulionimaliza. Alinipima mabega, akanizungushia kifuani, akaniambia, "Nyoosha mgongo, kijana," kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi halali. Nilijiona nimekwisha kuvaa ovaroli. Alipoinama kuandika daftarini nilichungulia, nikaona jina langu ni la tisa, na mbele yake kaandika kiuno 32, kama alivyowaandikia wote wanane walionitangulia, akiwemo yule dada mnene niliyepishana naye mlangoni. Nasisitiza kwamba niliona, kwa sababu sisi tuliotapeliwa hupenda kudai kwamba hapakuwa na dalili yoyote. Lakini 200 zangu zilikuwa zimekwenda, sare ilikuwa 1,500 tu, na 1,000 za mafunzo zingelipwa baadaye. Kila ada ilikuwa ndogo kiasi kwamba kuikataa kulionekana kama kuitupa ile iliyotangulia.

Nilituma fedha kwa nambari ya simu ya kawaida, na ujumbe wa M-Pesa ukarudi na jina la mwanamke badala ya jina la kampuni. "Huyo ni mhasibu wetu," nikaambiwa, nami nikapewa barua yenye muhuri.

Jumatatu, saa moja asubuhi, askari wa lango la bohari moja huko Industrial Area aliisoma barua hiyo bila kucheka. "Wewe ni wa sita leo," akasema. Kule River Road nilikuta kufuli. Niliupeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456 ya Safaricom ili fedha zirejeshwe, lakini zilikuwa zimeshatolewa.

Leo asubuhi nimemwuliza mpwa wangu malipo yanaingia kwa jina la nani. Amejibu kwamba ni la mhasibu, na kwamba nafasi zinafungwa saa sita. Nikamwuliza iwapo alichungulia daftari walipokuwa wakiandika vipimo vyake. Sasa ni saa saba na nusu, na bado hajajibu. Huenda amekasirika, au amekwisha kukopa kwa mtu mwingine.