Barua ya benki niliyomwandikia shangazi upya

Shangazi yangu ana duka la vitenge hapa Malindi, na nyumba yake ndiyo dhamana ya mkopo. Benki ilipomletea notisi ya kurasa tatu, alichokiona ni shilingi 431,000 na neno mnada. Akaniambia, "Mwanangu, hizo sina, basi nyumba imekwenda."

Niliisoma yote kabla ya kumjibu. Zile 431,000 zilikuwa salio la mkopo mzima. Kilichochelewa ni marejesho matatu ya 18,000 kila moja, pamoja na riba ya adhabu 2,700. Jumla ni 56,700, na kiasi hicho kilikuwa katikati ya ukurasa wa pili. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu nilianza nacho, peke yake, kwa herufi kubwa, na salio la mkopo nikaliweka chini kabisa: "Hili ni deni lote. Hudaiwi lote leo."

Tarehe ndizo zilizonichukua muda. Barua ilisema tu "miezi mitatu tangu kupokea notisi hii". Yeye aliipokea tarehe 10 Machi, nami nikaandika: mwisho ni 10 Juni. Lakini rejesho lake huanguka tarehe 28 kila mwezi, na notisi hailisimamishi. Nikamwekea wazi: ukilipa kabla ya 28 Machi ni 56,700, ukipitisha hapo ni 74,700, na adhabu huongezeka, kwa hiyo siku ya kulipa uulize kiasi kamili. Watu wengi hulipa kiasi kilichoandikwa kwenye barua, wakajiona wametoka, kumbe wamebaki nyuma kwa mwezi mmoja.

Yatakayofuata sikuyalainisha. Niliandika: "Usipolipa, benki inaweza kuiuza nyumba." Kumficha hilo ni kumdhulumu. Ila niliongeza hatua zilizopo kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012: miezi mitatu ikipita, benki lazima ilete notisi nyingine ya kuuza, ya siku zisizopungua 40, na dalali naye, kwa kanuni za madalali, hutoa yake ya siku 45. Katika muda huo bado anaweza kulipa, na anaweza kwenda mahakamani kuomba nafuu.

Vifungu vya sheria sikuviweka, ila namba ya akaunti na ya kumbukumbu nilizinakili vilevile, na barua yenyewe nikamwambia aihifadhi pamoja na bahasha.

Kisha nikamwomba anieleze yeye, bila kuangalia karatasi. Akasema, "Nadaiwa elfu hamsini na sita na mia saba, na kabla ya ishirini na nane niende." Kuhusu notisi ya pili alisita, nikaiandika upya sentensi ile kwa ufupi.

Alikwenda na 30,000 na barua ya kuomba zilizobaki zigawanywe kwa miezi mitatu juu ya rejesho la kawaida. Afisa wa mikopo alikubali kwa mdomo. Shangazi hakuondoka mpaka akapewa kwa maandishi.