Spika mbovu haichagui kituo

Mafundi wawili waliniambia kwa uhakika kabisa kwamba spika ya redio ya baba imekufa. Nikanunua nyingine, elfu kumi na ushee, nikaifunga, na redio ikaendelea kukwaruza vilevile. Bado inaniuma, maana dalili ilikuwa wazi tangu mwanzo na aliyeitaja ni baba mwenyewe: "Mwanangu, mbona kituo cha karibu ndicho kibaya? Vya mbali vinasema vizuri."

Hapo ndipo ningepaswa kuanzia. Spika iliyochanika huharibu kila kituo. Hii ya kwetu, redio ya transista ya betri nne, ilikuwa inaharibu chenye nguvu tu. Mtangazaji mwenye sauti nzito alitoka mwembamba kama yuko kwenye simu, besi imepotea, na akipaza sauti anakwaruza. Kituo hafifu kilisikika kidogo, lakini sauti yake imejaa.

Kwenye mchoro wa redio kuna waya ulioandikwa AGC, yaani udhibiti wa ukuzaji unaojiendesha wenyewe. Dayodi inayotoa sauti kwenye mawimbi hutoa pia volti tulivu, na kituo kikiwa na nguvu zaidi volti hiyo nayo huongezeka. Inapita kwenye risista, kwangu ya kiloomu 4.7, na kurudi nyuma kwenye transista ya kwanza inayokuza mawimbi ya kilohezi 455, ambako inapunguza mkondo wake kama breki. Mkondo ukipungua, ukuzaji unapungua. Kituo hafifu hakina volti ya kutosha kumfunga breki mtu yeyote, kwa hiyo transista inakuza kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana mnara wa jirani na mnara wa nchi nyingine hukufikia kwa sauti zinazokaribiana bila wewe kugusa kitufe.

Lakini dayodi hiyohiyo inatoa pia maneno na muziki, na hivyo havitakiwi kufika kwenye breki. Anayevizuia ni kapasita moja, maikrofaradi 10, kati ya waya huo na grauni. Ya kwetu ilikuwa imekauka. Breki ikawa inafuata kila mtikisiko wa sauti nzito na kuufuta, na kadiri kituo kilivyokuwa na nguvu ndivyo ilivyofuta zaidi. Vituo hafifu vilipona kwa sababu breki haikuvigusa.

Sikuing'oa kwanza. Redio ikiwa inasema, nilishika kapasita mpya kwa mkono na kugusisha miguu yake juu ya miguu ya ile ya zamani, upande wa risasi. Besi ilirudi papo hapo! Nikitoa, inapotea; nikigusisha, inarudi. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Angalia tu miguu: kwangu chanya ilielekea kwenye transista, ila redio za zamani za transista za jermaniamu huwa kinyume, kwa hiyo fuata ile iliyopo.

Halafu nikasikiliza ushauri mwingine mbaya. Fundi mmoja akaniambia, "Kijana, weka kubwa, haitakufa tena." Nikachomea ya 470. Redio ikawa inachelewa kuamka kila ikiwashwa, na ukitoka kituo cha nguvu kwenda hafifu unakuta ukimya sekunde kadhaa, kana kwamba hakuna kitu pale. Baba alikuwa anavipita vituo vyake akidhani vimefungwa. Kapasita hiyo ilikuwa inashikilia breki ya kituo kilichopita. Piga hesabu ya muda wa breki kulegea kwa risista ile peke yake: 4.7 mara 10 ni milisekunde 47, ila kwa 470 ni zaidi ya sekunde mbili. Nikarudisha 10, shilingi mia chache tu.

Kuhakikisha, niliweka mita kwenye mguu wa emita wa transista ile, ambako volti hufuata mkondo wake. Bila kituo ilisoma karibu volti 0.3, na kwenye kituo cha karibu ikashuka hadi chini ya 0.1. Kisha nikaigeuza redio taratibu, kwa kuwa antena ya feraiti ndani yake hupokea vibaya ikielekeza ncha kwenye mnara. Volti ilipanda, sauti ikabaki palepale. Kilichoongezeka ni mvumo tu, kwa sababu ukuzaji unapoongezwa kelele nazo huongezwa.

Usiku kwenye masafa mafupi utausikia mvumo huo ukipanda na kushuka nyuma ya mtangazaji kituo kinapofifia na kurudi, huku yeye akiendelea kusema kwa sauti ileile. Baba ameacha kulala na mkono juu ya kitufe cha sauti.