Barua ya Idi

Julai 2014 nilikuwa nakaribia kumaliza mwaka wa kwanza chuoni Mombasa, na mwaka wote huo nilikaa Mji wa Kale, kwa familia iliyowahi kufanya biashara ya dagaa na mjomba wangu wa Mwanza. Pesa ya kununua zawadi ya Idi sikuwa nayo. Nikaandika barua.

Maneno ya "asanteni kwa yote" niliyaacha makusudi, maana mtu anaweza kuyaandika hata kwa mwenye gesti. Nikaeleza habari ya chumvi.

Mimi ni Mkristo. Ramadhani ilipoanza nilijipanga kula mchana vibandani, lakini Mama akakataa katakata. Yeye kafunga, na bado sahani yangu ikifika saa saba, imefunikwa kawa. Alasiri wakianza kupika futari, ananiita jikoni: "Mwanangu, hebu nionjee, chumvi imekolea?" Mimi pekee ndiye niliyekuwa na mdomo huru. Mchuzi wa nyumba nzima, mbaazi za nazi, viazi vya karai, vyote vikapita kwenye ulimi wa mgeni, na adhana ya Magharibi ikilia watu wanakula nilichokipitisha. Niliandika: "Mama, hapo ndipo nilipoacha kujiona mpangaji."

Siku ya Idi wanaume walirudi msikitini, tukanywa chai kwa mahamri na tambi. Watoto wa jirani wakamiminika wakidai mkono wa Idi, wakipanga kwenda Makadara jioni kupanda pembea. Mama alinitia noti mkononi na mimi pia, kijana mzima mwenye ndevu. Nami nikampa Baba bahasha.

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya khatibu. "Shikamooni nyote, Idi Mubarak..." Kwenye habari ya chumvi Mama akajifunika uso kwa mtandio, akicheka. Baba alipofika chini ya karatasi akanyamaza, akaanza kuikunja.

"Mbona mie simo?" Bibi akauliza kutoka kitandani pake. "Mwaka mzima namfundisha kukuna nazi!"

"Geuza, Baba," nikasema.

Nyuma palikuwa pa Bibi peke yake. Kwetu samaki ni sato, na sikujua kupika kwa nazi. Yeye ndiye aliyenikalisha juu ya mbuzi, akanifundisha kulikamua tui la kwanza na kuliweka kando, kisha kutia maji na kukamua tena. La pili, jepesi, ndilo la kupikia mwanzo, na lile zito linatiwa mwishoni kwa moto mdogo, huku ukikoroga, lisije likakatika. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika, kwa mpangilio wake.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia Baba, "Haya, tena. Taratibu. Na huyo mkeo naye asikie hapo pa moto mdogo."