Jinsi kundi letu la mishiri lilivyopita ukaguzi wa Globalgap

Sisi ni wakulima 25 wenye cheti kimoja cha kundi cha Globalgap, kiwango cha kimataifa cha kilimo bora. Mkaguzi wa nje hutembelea angalau kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama, yaani mashamba 5, na hatujui yatakuwa ya nani. Shida ilijitokeza tulipojikagua wenyewe: daftari la dawa halikulingana na la mavuno. Kwa baadhi ya wenzetu ilionekana wamepuliza Jumatatu na kuchuma Jumatano, ilhali lebo ya dawa inataka siku 7.

Tulirudia mafunzo, tukabadilisha fomu, hali ikabaki ileile.

Tulipotembea shambani na madaftari mkononi, jibu likaonekana. Mishiri hupandwa kwa zamu ili mavuno yasikatike, hivyo mtu mmoja ana vipande vitatu vya umri tofauti. Kilichopulizwa ni kichanga, kilichochumwa ni kilichokomaa. Daftari lilikuwa na jina la mkulima tu.

Tukakipa kila kipande namba, mfano 14B, tukaichora kwenye ramani na kwenye kibao shambani. Namba hiyo huandikwa katika rekodi ya dawa, ya mavuno na kwenye lebo ya kreti. Kilichosaidia zaidi ni safu moja mpya: anayepuliza huandika papo hapo tarehe ya kwanza ya kuvuna, kisha huiandika kwa chaki kwenye kibao. Akipuliza tarehe 3, anaandika 10. Karani wa kupima hapokei kreti kabla ya kulinganisha lebo yake na tarehe hiyo.

Mkaguzi alichagua kreti moja, akaifuatilia hadi kwenye kipande chake bila kukwama.