Mahindi na mharage ndani ya dumu moja

Kila mwaka nawafundisha kidato cha tano kwamba mahindi yanainasa kabonidayoksaidi vizuri kuliko maharage, nao wanaandika tu. Safari hii nilitaka waone kwa macho mahindi yakiunyima mharage hewa hiyo hadi ufe.

Niliotesha mche mmoja wa mahindi na mmoja wa mharage kwenye vikopo, nikaviweka juu ya kioo na kuvifunika kwa dumu angavu la maji la lita 20 nililokata upande wa mdomo. Ukingo niliuziba kwa mafuta ya mgando. Taa ziliwaka saa 14 kwa siku, kwa sababu juani mimea ingeungua.

Mara ya kwanza nilishindwa. Wiki mbili zilipita na mharage umenawiri. Tatizo lilikuwa samadi kwenye udongo: vijidudu vyake vilikuwa vikipumua na kuilisha mimea yote miwili. Hewa ya dumu zima ina mililita 8 hivi tu za kabonidayoksaidi, kwa hiyo hata samadi kidogo huvuruga jaribio.

Mara ya pili nilitumia mchanga wa mto niliouosha na kuuchemsha, nikatia mbolea ya dukani kidogo sana. Nilisubiri pia vile vipande viwili vya mbegu vinyauke na kuanguka, mharage usije ukaishi kwa akiba yake. Pembeni niliweka dumu lingine lenye miharage miwili.

Siku ya tisa, mharage uliokaa na mahindi ulianza kuwa njano kuanzia majani ya chini. Siku ya 14 ulikuwa umekauka, mahindi bado ya kijani. Ile miharage miwili ilidumaa, lakini haikufa. Kwa hiyo kilichoua si dumu kufungwa.

Rubisko, kimeng'enya kinachonasa kabonidayoksaidi, wakati mwingine hunasa oksijeni badala yake. Hapo huanza fotorespiresheni: mmea unapoteza nishati na kuachia kaboni uliyokwisha kuipata. Kabonidayoksaidi ikishuka hadi karibu sehemu 50 katika milioni, mharage hutoa sawasawa na unachopokea. Miharage miwili ikifika hapo hurudishiana hewa ileile.

Mahindi hayaishii hapo. Seli za mezofili, yaani tishu ya ndani ya jani, huinasa kaboni kwa kimeng'enya kingine, PEP kaboksilesi, ambacho hakivutwi na oksijeni, kisha huipeleka kama maleti, kiambata kinachoibeba kaboni hiyo, hadi kwenye seli za ala zinazozunguka mishipa ya jani. Humo maleti huvunjwa, na kabonidayoksaidi hurundikana yapata mara kumi kuliko ilivyo kwenye mezofili, palepale Rubisko ilipo. Ndiyo maana mahindi huivuta hadi chini ya sehemu 10. Kila kilichotolewa na mharage kilidakwa na jirani yake.

Mwanafunzi mmoja akaomba kuziona hizo seli. Tulikata kipande chembamba cha jani la mahindi kwa wembe, tukaweka tone la maji na lenzi ya mara 40: duara la seli kubwa za kijani kuzunguka kila mshipa. Kwenye jani la mharage, pale pembeni mwa mshipa, kijani kilikuwa hafifu mno.